Nafasi Sabini na Tano: Jinsi Nilivyopunguza Maelekezo ya Picha ya Wachuma Chai wa Rungwe

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wadogo wa chai huko Rungwe aliishika picha niliyomchapishia, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akanirudishia. "Mwanangu, ni picha nzuri," alisema, "lakini hawa si sisi." Nilijua alikuwa anasema kweli. Mama aliyekuwa pichani alivaa kofia iliyochongoka kama zile zinazovaliwa kwenye mashamba ya Asia ya mashariki, kikapu alikishika mkononi badala ya kukibeba mgongoni, na nyuma yake hapakuwa na mlima wala mgomba. Tena ilionekana kama picha iliyopigwa kwa kamera, ilhali kikundi kiliniomba mchoro wa rangi za maji kwa ajili ya kalenda yao.

Kilichonisumbua njia nzima, katika kosta ya kurudi Mbeya, ni kwamba mambo hayo yote nilikuwa nimeyaandika katika maelekezo niliyoipa programu ya kompyuta inayochora picha kutokana na maneno. Mlima Rungwe ulikuwemo katika maelekezo yangu, migomba ilikuwemo, na maneno ya rangi za maji yalikuwemo pia, mwishoni kabisa. Nilikuwa nimetumia jioni mbili nzima kuyabadilisha maneno hayo ya mwishoni, mara "mlima wa kijani", mara "mlima mviringo wenye mawingu", na kila mara picha ilirudi bila mlima. Nilidhani mashine inanielewa vibaya. Ukweli ni kwamba haikuyasoma kabisa.

Programu niliyoitumia ni Stable Diffusion 1.5, toleo la mwaka 2022, ambalo naliendesha kwenye kompyuta ya rafiki yangu yenye kadi ya grafiki, hapa Mwanjelwa. Ndani yake, kabla ya kuchora chochote, kuna sehemu inayogeuza maandishi kuwa namba ambazo mchoraji wa ndani anazifuata. Sehemu hiyo inaitwa CLIP, ilitolewa na OpenAI mwaka 2021, na ilifundishwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi. Wakati wa kuitengeneza, iliwekewa urefu wa tokeni 77 na si zaidi. Tokeni ni kipande cha maandishi: neno la Kiingereza linalotumika sana huwa kipande kimoja, neno geni hukatwa vipande viwili, vitatu au zaidi, na kila alama ya mkato huhesabiwa kuwa kipande. Katika hizo 77, moja huchukuliwa na alama ya kuanza na nyingine na alama ya kumaliza, kwa hiyo mwandishi anabakiwa na 75. Kinachozidi hapo hukatwa kuanzia mwishoni, na kazi huendelea kana kwamba hakikuandikwa.

Onyo hutolewa, lakini mahali ambapo mtu hatazami. Ukitumia `diffusers`, maktaba ya Python ya kuendeshea programu hii, dirisha jeusi la amri huandika mstari huu, kisha huonyesha maneno yaliyokatwa:

```
The following part of your input was truncated because CLIP can only handle sequences up to 77 tokens:
```

Mstari huo ulipita mbele ya macho yangu zaidi ya mara thelathini katikati ya mistari mingine, nami nilikuwa nimekodolea picha. Kwa hiyo, kabla sijaeleza nilikata nini, nitaeleza kwanza namna ya kutambua kwamba umekatwa, hata kwa mtu anayetumia programu isiyoonyesha onyo lolote. Shikilia ile namba ya mbegu inayoanzisha picha, usibadilishe mipangilio mingine, kisha mwishoni mwa maelekezo yako ongeza kitu ambacho hakiwezi kufichika, kwa mfano tembo mwekundu. Maneno yanayosomwa, hata yale ambayo mashine haiyatii vizuri, huvuruga picha kwa namna fulani: tawi linahama, uso unageuka, kivuli kinabadilika. Picha ikirudi ileile, nukta kwa nukta, basi tembo wako hakusomwa, na pengine hata maneno yaliyomtangulia hayakusomwa. Nilipofanya jaribio hilo nikapata picha ileile ya kofia iliyochongoka, nililazimika kukubali kwamba jioni zangu mbili nilizitumia kurekebisha maneno ambayo hayakumfikia mtu yeyote.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhesabu. Kuhesabu maneno kwa macho hakufai, kwa sababu mkato ni tokeni, kistariungio ni tokeni, na kila tarakimu ni tokeni peke yake, kiasi kwamba mwaka kama 1961 hula nafasi nne. Msimbo mfupi wa Python hutoa hesabu sahihi:

```python
from transformers import CLIPTokenizer
t = CLIPTokenizer.from_pretrained("openai/clip-vit-large-patch14")
maelekezo = "bandika maelekezo yako hapa"
print(len(t(maelekezo).input_ids) - 2)
print(t.tokenize(maelekezo))
```

Mstari wa nne hutoa idadi baada ya kuondoa zile alama mbili za mwanzo na mwisho. Mstari wa tano huonyesha kila kipande kilivyokatwa, na kwangu mimi huo ndio ulionifundisha zaidi. Maelekezo yangu yalikuwa na tokeni 118. Maana yake ni kwamba 43 zilikuwa zinaanguka, na ndani ya hizo 43 mlikuwa na mlima, migomba, mwanga wa asubuhi na rangi za maji. Nilikuwa nimeandika kama mtu anayesimulia: kwanza salamu, kisha sifa za picha, kisha mama mwenyewe na historia yake, na mandhari nikayaweka mwisho kwa sababu ndivyo tunavyosimulia. Mashine ilichukua utangulizi ikaacha habari.

Hapa naomba nitaje jambo moja kuhusu lugha. Rasimu yangu ya kwanza kabisa niliiandika kwa Kiswahili, na ningependa sana iwe imefanya kazi. Lakini sehemu kubwa ya maandishi yaliyoifundisha CLIP ni ya Kiingereza, na kamusi yake ya vipande imepangwa kwa kufuata Kiingereza, kwa hiyo maneno yetu hukatwakatwa. Sentensi ya Kiswahili hutumia nafasi nyingi zaidi kuliko sentensi ya Kiingereza yenye maana ileile, na hata baada ya kulipia nafasi hizo, kinachoeleweka ni kidogo. Ndiyo maana maelekezo nitakayoyaonyesha ni ya Kiingereza, ingawa mawazo yake yote yalianza kwa lugha yetu.

Nafasi 43 za kuondoa zinaonekana nyingi, lakini sehemu ya kwanza iliondoka bila maumivu. Nilikuwa nimeanza kwa maneno yanayomaanisha "tafadhali tengeneza picha nzuri sana ya", na programu hii haijibu ombi wala haioni haya. Hukutanisha maelezo na picha tu. Yaliondoka. Nilikuwa nimenakili pia mlolongo wa sifa ambazo watu hupeana, zile za "ubora wa juu", "yenye maelezo mengi", "kazi ya ustadi". Sitasema kwamba hazifanyi chochote, kwa sababu katika baadhi ya matoleo huibadilisha picha kidogo, lakini mabadiliko yenyewe ni kuivuta kuelekea picha za kuvutia za mtandaoni, na kalenda ya wakulima haikuhitaji mvuto huo. Ziliondoka zote. Kisha yalikuwapo mambo yasiyoonekana kwa macho: kwamba mama huyu amechuma chai tangu akiwa msichana, kwamba shamba lilikuwa la mume wake, kwamba hewa inanukia majani mabichi. Niliyaandika kwa upendo, na bado nayaamini, lakini harufu haichoreki, na miaka ya kazi huonekana tu kama utasema umri. Sentensi nzima ya historia nikaibadilisha kuwa maneno matatu yanayosema yuko katika miaka ya hamsini. Hesabu ikashuka hadi 91.

Nafasi 16 zilizobaki ndizo zilizonichukua siku nne, kwa sababu kuanzia hapo kila kilichobaki kilikuwa kitu cha kweli chenye haki ya kuwemo. Swali nililojiuliza mwanzoni lilikuwa: kipi ni muhimu zaidi? Na kila nilipolijibu nilikosea. Kwa mwenyekiti na kwangu, jambo muhimu kuliko yote lilikuwa jina la Rungwe. Kwa hiyo nililiweka jina hilo pamoja na la Tukuyu, nikakata mengine, na picha ikarudi na vilima vya chai ambavyo vingeweza kuwa popote duniani.

Swali sahihi, nililolipata baada ya kuchoka, ni hili: nikiliondoa neno hili, picha itabadilika vipi? Umuhimu wa jambo moyoni mwangu ni kitu kimoja, na kazi ambayo neno lake linafanya ndani ya mashine ni kitu kingine. Namna ya kupata jibu ni kuondoa neno moja tu kwa wakati mmoja, kuchora tena kwa namba zilezile za mbegu, na kulinganisha picha zilizopangwa kando kwa kando. Nasema namba, si namba moja, kwa sababu mbegu moja hudanganya: kuna picha ambayo mgomba unatokea kwa bahati, ukadhani ni neno lako limeuleta. Nilitumia mbegu nne, na kila nilichokiondoa nilikichora mara nne. Nikiondoa maneno mawili kwa pamoja ili kuharakisha, nilishindwa kujua lipi lilikuwa na kazi, nikalazimika kurudi nyuma.

Majina ya mahali ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote kuyatoa. Rungwe na Tukuyu kila moja lilikatwa zaidi ya kipande kimoja, na nilipoyatoa, picha zote nne zilibaki na mandhari yaleyale: hakuna kilichopungua kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeletwa. Katika mamilioni ya picha zilizoifundisha mashine, majina hayo hayakuwa na uzito wa kutosha kuvuta sura ya mahali. Niliyaacha siku moja zaidi kwa sababu tu kuyafuta kulinifanya nijisikie kama namfuta mtu. Kisha nikafanya kile ambacho jina lingefanya kama lingejulikana, yaani nikaeleza kinachoonekana pale: mlima mviringo nyuma ya wingu lililoshuka, na migomba kando ya shamba. Mtu wa Tukuyu akiona chai, mgomba na wingu limekaa chini namna ile, hahitaji kuandikiwa jina. Kwa upande mwingine, neno la kusema kwamba mama ni Mtanzania lilikuwa na kazi kubwa sana. Nilipoliondoa, nyuso na mavazi katika picha zote nne vilihamia Asia mara moja, kwa kuwa neno "chai" likiwa shambani huvuta upande huo kwa nguvu. Neno hilo likabaki karibu na mwanzo, likiwa limeshikamana na mama.

Jaribio hilohilo lilinionyesha mambo ambayo mashine huyaleta yenyewe bila kuombwa. Nilikuwa nimeandika kwamba majani ni ya kijani kibichi, kwamba shamba ni pana, kwamba vichaka vimepangwa kwa mistari. Nilivitoa kimoja baada ya kingine, na majani yakabaki ya kijani, shamba likabaki pana, mistari ikabaki, kwa sababu ndivyo karibu kila picha ya shamba la chai ilivyo. Hayo ndiyo maelezo ya kukata mapema, hata kama ni ya kweli na hata kama yanapendeza. Yanayostahili kulindwa ni yale yanayopingana na mazoea ya mashine: kilemba badala ya kofia, kikapu mgongoni badala ya mkononi, mgomba mahali ambapo mashine isingeuweka.

Kofia yenyewe ilikuwa na kisa chake. Kwa hofu ya kofia ile nilikuwa nimeandika kwamba mama asivae kofia iliyochongoka, na nikaongeza kwamba pasiwe na maandishi wala watalii. Maneno hayo yalikula zaidi ya nafasi kumi, tena yalifanya kinyume, kwani CLIP haishiki vizuri maana ya "bila" au "hapana". Ukiitaja kofia, umeileta kofia. Programu hii ina kisanduku cha pili, cha maelekezo hasi, ambamo huandikwa yale unayotaka picha iyakimbie, na kisanduku hicho kina nafasi zake 75 zisizopunguza zile za kwanza. Nikahamishia humo kofia iliyochongoka, maandishi na watalii, kila kimoja kwa jina lake tupu bila neno la kukataa. Upande wa kwanza nikaacha kilemba cha kitambaa kilichokunjwa. Kofia ikatoweka katika picha tatu kati ya nne, na ile ya nne ikawa na kitu kati ya kilemba na kofia ambacho niliweza kukivumilia.

Kosa kubwa nililolifanya katika siku hizo nne lilikuwa kwenye maneno madogo. Nilipoona bado nimezidi, nilidhani njia rahisi ni kufuta viunganishi vyote, nibaki na orodha ya vitu vilivyotenganishwa kwa mikato: mama, kikapu, aproni, kitenge, gunia. Mikato yenyewe ni tokeni, kwa hiyo faida niliyopata ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, na hasara ilikuwa kubwa. Kikapu kikaenda chini kwenye vichaka. Aproni ikageuka kuwa kitambaa cha njano kilichotandazwa nyuma. Maneno matatu ya Kiingereza yanayosema "mgongoni mwake" ndiyo yaliyokuwa yanakibeba kikapu, na neno "juu ya" lililokuwa kati ya aproni na kitenge ndilo lililokuwa linamvisha mama vyote viwili kwa mpangilio. Tangu hapo nimejizoeza kufuta vibainishi visivyo na kazi, yale maneno mafupi ya Kiingereza yanayotangulia nomino, lakini neno linaloeleza kitu kiko wapi kuhusiana na kingine siligusi mpaka nijaribu kwanza.

Rangi zilinifundisha jambo la aina nyingine. Katika picha walitakiwa kuwepo watu wawili: mama mtu mzima anayechuma, na binti anayemimina majani kwenye gunia. Mama alikuwa na aproni ya njano, ile ya nailoni inayovaliwa asubuhi kwa ajili ya umande, na binti nilimpa sweta jekundu. Mara nyingi aproni ilitoka nyekundu, mara binti akavaa njano, na mara moja kikapu kikawa na mistari ya rangi zote mbili. CLIP ni dhaifu katika kukumbuka rangi ipi ni ya kitu kipi, na kadiri sifa zinavyozidi ndivyo zinavyozidi kuvujiana. Nilijaribu kuongeza maneno ili kutenganisha, yaani nilitaka kulipa nafasi zaidi kurekebisha kosa lililoletwa na wingi. Dawa ilikuwa kufuta neno moja, "jekundu". Sweta lilibaki, rangi yake ikaachwa iwe yoyote, na aproni ya mama ikatulia kwenye njano yake. Kwa hiyo kuna neno ambalo hata kama nafasi ipo, hulikati kwa sababu ya urefu bali kwa sababu linaharibu jirani yake.

Baada ya hapo nilipanga upya. Ndani ya CLIP kila kipande husoma vilivyokitangulia tu, hakioni vilivyo mbele yake, kwa hiyo sifa ikae kabla ya kitu chake, na yale yanayotawala picha nzima yaje mapema. Maneno ya rangi za maji niliyatoa mwishoni nikayaweka mwanzo kabisa. Hata kama siku moja nitasahau kuhesabu na mkia ukakatwa, mtindo hautapotea. Mkiani nikaweka mwanga wa asubuhi, ambao ukipotea bado kalenda itachapishika. Maelekezo yakawa hivi:

```
watercolor illustration, tanzanian woman in her fifties
picking tea, folded cloth headwrap, yellow plastic apron over
kitenge skirt, large wicker basket on her back, beside her a
young woman in a sweater pouring tea leaves into a sack,
waist-high tea bushes, banana trees at the edge of the field,
round mountain behind low cloud, early morning
```

Nimeyavunja mistari hapa ili yasomeke, lakini kwenye kisanduku yanaandikwa mfululizo. Hesabu ilikuwa takribani 70, na dirisha jeusi halikutoa onyo. Mtu atagundua kwamba neno "kitenge" limebaki, ingawa ni neno letu na hukatwa vipande. Nililijaribu kama nilivyoyajaribu mengine: nilipoweka badala yake maneno ya Kiingereza ya kitambaa chenye maua, mavazi yakawa ya maua madogo ya kizungu, na nilipolirudisha, mapambo makubwa yenye rangi nzito yakarudi katika picha tatu kati ya nne. Jina la mlima halikufanya kazi, jina la nguo likafanya. Singeweza kukisia hilo bila kujaribu.

Kuna jambo moja nililolikata ambalo wakulima wote wanalijua, nalo ni majani mawili na chipukizi. Ndilo linalotofautisha uchumaji mzuri na mbaya, na lilikuwa kwenye rasimu tangu mwanzo, likitumia nafasi kama nane hivi kueleza mkono wa mama unavyoshika ncha ya tawi. Mashine hii haihesabu vizuri vitu vidogo, na vidole ni mahali inapokosea sana. Kila mara mkono ulitoka na tawi lenye majani matano au vidole sita. Nikaona kwamba maneno yale, hata yakisomwa yote, hayawezi kulipwa na picha, nikayatoa, na ncha ya tawi nikaichora mwenyewe kwa kalamu baada ya picha kutoka. Kama kitu kinaweza kurekebishwa kwa mkono kwa dakika kumi, hakistahili kugombania nafasi na mlima usioweza kuchoreka kwa urahisi huo.

Wapo walioniambia kwamba haya yote ni ya programu za zamani. Ni kweli kwamba mipaka inatofautiana. SDXL, toleo la baadaye la Stable Diffusion lililotoka mwaka 2023, ina visomaji maandishi viwili, lakini kila kimoja kina mpaka uleule wa 77. Flux, programu nyingine ya kuchora picha, hutumia pamoja na CLIP kisomaji kingine kinachoitwa T5, na toleo la Flux linaloitwa `dev` hupokea tokeni 512. Yapo pia mazingira ya kuendeshea Stable Diffusion ambayo hayakati, bali hugawa maandishi marefu katika mafungu ya 75 na kuyasoma fungu kwa fungu. Ukitumia mazingira hayo, angalia mpaka unaangukia wapi, kwa maana fungu la pili halioni la kwanza, na maneno "mgongoni mwake" yakiangukia upande wa pili hayajui ni mgongo wa nani. Mimi nilijaribu njia hiyo kwa zile tokeni 91, na kikapu kikaanza tena kutangatanga. Mambo ya rangi kuvujiana, kofia kuletwa na neno la kuikataza, na majina ya mahali yasiyobeba sura yalibaki vilevile, kwa sababu hayakuletwa na ufupi wa nafasi.

Niliporudi Rungwe na karatasi nne, moja kwa kila mbegu, mwenyekiti aliwaita kina mama wengine wawili waliokuwa kwenye mzani. Walizitazama moja baada ya nyingine. Mmoja wao, mkubwa kwa umri, aliweka kidole kwenye aproni ya njano akauliza, "Mbona amevaa nailoni na majani yamekauka? Nailoni tunavaa kwa sababu ya umande, mwanangu. Jua likitoka tunaivua." Nilimwambia, "Ni kweli, mama, sikuliwaza hilo." Na kweli sikuwa nimeliwaza, pamoja na kuhesabu kwangu kote: nilikuwa nimemvika mtu vazi la umande mahali pasipo na umande.

Usiku ule niliongeza neno moja, `wet`, kabla ya vichaka vya chai. Nafasi ilikuwepo. Katika picha mbili kati ya nne majani yalianza kung'aa, na upindo wa kitenge ukawa na weusi wa maji chini ya magoti. Nikajiuliza kama sasa maneno ya asubuhi mapema yamekuwa ya ziada, kwa kuwa umande wenyewe unasema ni saa ngapi, nikayaondoa ili niwe na nafasi ya kueleza kamba ya aproni. Picha zote nne zikawa na jua la saa sita juu ya majani yaliyolowa. Nikayarudisha maneno ya asubuhi, na kamba ya aproni nikaichora kwa kalamu.